Fotoni Moja Kati ya Vioo Viwili vya Metali

Mwaka 2007, katika maabara ya École Normale Supérieure mjini Paris, timu ya mwanafizikia Serge Haroche, mzaliwa wa Casablanca nchini Moroko, ilifanikiwa kuifuatilia fotoni moja tangu inatokea hadi inatoweka, bila kuiharibu kwa kuichungulia. Fotoni ni chembe ndogo kabisa ya nuru, na kwa kawaida kuiona ni kuimaliza, kwa sababu jicho au kamera huimeza. Timu ya Paris iliihifadhi kati ya vioo viwili vya shaba vilivyopakwa metali iitwayo niobi. Vioo hivyo vilitazamana kwa umbali wa takriban sentimita 2.75, na fotoni ilidumu humo kwa wastani wa sekunde 0.13. Muda huo waonekana mfupi, lakini nuru huenda kilomita 300,000 kila sekunde. Kabla ya kutoweka, fotoni ilikuwa imesafiri karibu kilomita 39,000, ambazo zinakaribia mzunguko mzima wa dunia, huku ikigonga kioo hiki na kile zaidi ya mara bilioni moja.

Mwaka 2012 Haroche alipata Tuzo ya Nobeli ya Fizikia pamoja na Mmarekani David Wineland. Habari nyingi zilizoandikwa kuhusu kazi hiyo huishia kwenye maajabu ya fotoni. Lipo jambo jingine ambalo halikutajwa sana, nalo ndilo lililowezesha kazi yote. Wanasayansi hao waliichunguza fotoni kwa kupitisha atomi za rubidi, moja baada ya nyingine, katikati kabisa ya nafasi ile. Wimbi la fotoni lilikuwa na sehemu tisa zenye nguvu, zilizopangana kutoka kioo hadi kioo. Kama zingekuwa nane, atomi za katikati zisingehisi chochote. Na hata kwa hizo tisa, kuisogeza njia ya atomi milimita moja na nusu tu kuelekea kioo kimojawapo kungetosha kuipoteza fotoni kabisa. Sababu ya hayo yote ni sharti moja ambalo metali huliwekea wimbi la umeme na sumaku.

Wimbi kama hilo, liwe la redio, la simu au la nuru, ni uga wa umeme na uga wa sumaku vinavyosafiri pamoja. Uga wa umeme ni ile hali ya mahali inayoisukuma chaji yoyote iliyopo hapo. Ndani ya metali zimo elektroni nyingi zilizo huru kutembea. Wimbi likifika kwenye bamba la metali, uga wake huzisukuma elektroni hizo kwenda huku na huko sambamba na uso wa bamba, na elektroni zinaposogea zinazalisha uga wao wenyewe unaoupinga ule ulioletwa. Katika kipitishi kamili, yaani metali isiyo na ukinzani hata kidogo, elektroni hazikomi kusogea mpaka uga wa umeme ulio sambamba na uso uwe sufuri. Usipokuwa sufuri, mkondo ungeendelea kukua bila mwisho, jambo ambalo haliwezekani. Kwa hiyo wimbi halina njia ya kuingia. Linarudishwa lote lilikotoka, na uga wake wa umeme umegeuzwa kichwa chini ili pale usoni wimbi linalokuja na linalorudi yafutane.

Sharti hilo linahusu uso wa bamba tu, lakini matokeo yake yanaenea mbele ya bamba. Mawimbi mawili yanayolingana, moja likienda na jingine likirudi, yakijumlishwa hayazai wimbi linalosafiri. Yanazaa wimbi lililosimama. Kuna mahali ambapo uga wa umeme ni sufuri muda wote, na kila mahali kama hapo huitwa nodi. Kuna mahali pengine ambapo uga hupanda na kushuka kwa kiwango cha juu kabisa, napo huitwa antinodi. Nodi ya kwanza iko usoni pa bamba. Inayofuata iko nusu ya urefu wa wimbi kutoka hapo, kisha nyingine baada ya nusu tena, na kuendelea. Katikati ya kila nodi mbili kuna antinodi.

Mtu wa kwanza kuyapima mambo haya kwa mawimbi ya umeme alikuwa Mjerumani Heinrich Hertz, ambaye jina lake ndilo tunalolitaja tukisema megahezi na gigahezi. Mwaka 1888, katika ukumbi wa mihadhara wa chuo cha ufundi cha Karlsruhe, ukumbi wenye urefu wa mita 15, alibandika bati la zinki la mita 4 kwa 2 kwenye ukuta wa mwisho. Mtambo wake wa cheche ulirusha mawimbi kuelekea bati hilo, naye akatembea ukumbini na kitanzi cha waya chenye mwanya mdogo. Penye uga, cheche ndogo iliruka kwenye mwanya. Penye nodi, cheche ilikufa. Alipata nodi takriban mita 4.1 kutoka ukutani, na kutokana na vipimo vyake akakadiria kwamba nusu ya wimbi ni mita 4.8. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili inafundisha. Nodi ya kwanza, ambayo ilipaswa kuwa juu ya bati lenyewe, ilionekana kana kwamba iko karibu sentimita 70 nyuma ya ukuta. Wimbi lake lilikuwa na urefu wa karibu mita 10, na bati la mita 4 kwa 2 ni dogo mno mbele ya wimbi la namna hiyo. Sharti la kipitishi kamili linadai uso mpana, na Hertz hakuwa nao.

Hertz alikuwa na bamba moja. Kwa bamba moja, wimbi la masafa yoyote linaweza kusimama, kwa kuwa nodi zinajipanga zenyewe kuanzia ukutani bila kuulizwa zinaishia wapi. Masafa, kwa maana ya idadi ya mitetemo kwa sekunde, yanabaki huru. Mambo hubadilika linapowekwa bamba la pili kulitazama la kwanza, kwa kuwa nalo linadai nodi juu ya uso wake. Nodi zinakaa kila baada ya nusu ya wimbi, basi umbali kati ya mabamba lazima utoshe nusu-wimbi moja, au mbili, au tatu, bila kubaki kipande. Ni kama uzi wa udi wa mpiga taarabu: umefungwa ncha zote mbili, kwa hiyo unatoa sauti yake ya msingi na zile zilizo mara mbili, mara tatu na mara nne yake, basi.

Kwa hesabu, tuuite umbali kati ya mabamba L, kasi ya nuru c, na idadi ya nusu-wimbi n. Masafa yanayoruhusiwa ni

f = n × c / (2L)

na nodi za uga wa umeme ziko kwenye

x = 0, L/n, 2L/n, 3L/n … hadi L

ambapo x ni umbali kutoka bamba la kwanza. Nodi zote, pamoja na mbili zilizo juu ya mabamba, ni n + 1. Antinodi ni n.

Tuchukue mabamba mawili yaliyoachana kwa sentimita 30. Mara mbili ya umbali huo ni sentimita 60, na kasi ya nuru ikigawanywa kwa hizo inatoa megahezi 500. Hayo ndiyo masafa ya chini kabisa. Yanayofuata ni gigahezi 1, kisha 1.5, kisha 2, kila hatua ikiongeza megahezi 500. Kwenye gigahezi 1.5, n ni 3, kwa hiyo nodi ziko sentimita 0, 10, 20 na 30, na antinodi ziko 5, 15 na 25. Sentimita 15 ndiyo katikati, na hapo uga una nguvu kamili. Kwenye gigahezi 2, n ni 4, na nodi zinahamia 0, 7.5, 15, 22.5 na 30. Sasa katikati pana nodi. Kanuni inajitokeza yenyewe: n ikiwa namba witiri, katikati ni antinodi, na ikiwa namba shufwa, katikati ni nodi. Ndiyo maana ile tisa ya Paris ilikuwa na thamani kuliko nane.

Je, mtu akilazimisha masafa yasiyokuwemo, tuseme gigahezi 1.2? Urefu wa wimbi ni sentimita 25, nusu yake 12.5. Nodi zinazoanzia bamba la kwanza zingekuwa 0, 12.5, 25, halafu 37.5, wakati bamba la pili liko 30. Hakuna bamba linalokataza wimbi hilo kuingia kwa mara ya kwanza. Linaingia, linagonga, linarudi, lakini kila linaporudi linakuta wimbi jipya likiwa kwenye hatua tofauti ya mtetemo. Baada ya kugonga mara nyingi, mafungu hayo ya mawimbi hujumlishwa yakiwa yametawanyika kwenye hatua zote, na jumla yake inabaki karibu na sufuri. Wimbi la masafa yanayoruhusiwa hurudi likiwa kwenye hatua ileile, kila safari ikiiongezea nguvu iliyotangulia. Tofauti kati ya masafa yanayokubaliwa na yanayokataliwa ni limbikizo hilo.

Wapo wanaodhani kwamba nodi ni mahali patupu pasipo na nishati. Sivyo. Uga wa sumaku haugeuzwi kichwa chini unapogonga metali kama ugeuzwavyo ule wa umeme, kwa hiyo penye nodi ya umeme pana antinodi ya sumaku. Usoni mwa bamba, ambako uga wa umeme ni sufuri, uga wa sumaku uko kwenye kilele chake, na ndio unaoendana na mkondo unaokimbia juu ya metali. Nishati ya wimbi lililosimama hubadilishana zamu: kwa dakika fulani ya mtetemo yote iko kwenye uga wa umeme, na robo ya mtetemo baadaye yote imehamia kwenye uga wa sumaku, sehemu nyingine. Hertz naye aliliona hilo kwa kukigeuza kitanzi chake, kwa maana kitanzi huitikia pia sumaku inayobadilika. Kwa hiyo kusema tu “nodi” haitoshi. Lazima isemwe ni nodi ya uga gani.

Anayetaka kujua wimbi limesimama vipi hutafuta nodi, hatafuti antinodi, na ana sababu nzuri. Turudi kwenye nodi zilizoachana kwa sentimita 10. Kipima-uga kikiwa sentimita 1 tu kutoka kwenye nodi, kitasoma karibu asilimia 31 ya kilele, tofauti ambayo hakuna mtu ataikosa. Kikiwa sentimita 1 kutoka kwenye antinodi, kitasoma asilimia 95, na mpimaji anaweza kuapa kwamba yuko kileleni. Penye antinodi uga ni kama uwanda wa juu ya mlima, na penye nodi unabadilika kwa kasi.

Hapo ndipo kosa moja hujificha vizuri. Tuseme mabamba yamefungwa ndani ya kifaa, umbali wake haujulikani, na kipima-uga kimewekwa katikati. Mpimaji anapandisha masafa polepole na kuona mwitikio mkubwa kwenye gigahezi 4.2, kisha kwenye 5.4. Anajua kwamba tofauti kati ya masafa mawili yanayofuatana ni c / (2L), basi anaigawa kasi ya nuru kwa mara mbili ya gigahezi 1.2 na kupata sentimita 12.5. Hesabu imefanywa sawasawa, lakini jibu ni la uongo. Njia ya kuligundua ni kugawanya 4.2 kwa 1.2, na kupata 3.5. Namba n haiwezi kuwa tatu na nusu. Kuna mwitikio mmoja uliorukwa, nao uko gigahezi 4.8. Tofauti ya kweli ni 0.6, umbali ni sentimita 25, na zile namba n ni 7, 8 na 9. Ile 8 haikuonekana kwa sababu ni shufwa, na kipima-uga kilichokaa katikati kilikuwa kimekaa kwenye nodi yake. Kukisogeza sentimita moja na nusu tu kungeiibua.

Mabamba ya hesabu ni makamilifu. Ya dukani siyo. Katika shaba ya kawaida, kwenye masafa ya gigahezi 51.1 yaliyotumika Paris, wimbi hujipenyeza kina cha takriban mikroni 0.3 kabla ya kuzimwa, na kila linapogonga, karibu sehemu 6 kati ya 10,000 za nishati yake hugeuka joto. Inaonekana ni hasara ndogo. Lakini kwa hesabu hiyo fotoni ingegonga kama mara 1,600 tu na kusafiri mita zisizofika 50. Ili kufikia mara bilioni, vioo vya shaba vilichongwa kwa almasi mpaka vikawa laini kupindukia, vikapakwa niobi, na kifaa kizima kikapozwa hadi nyuzi 0.8 juu ya sufuri halisi ya Kelvin. Niobi hupoteza ukinzani wake ikipoa chini ya nyuzi 9.2. Hata hivyo, kwa uga unaobadilika kwa kasi hiyo, ukinzani mdogo sana hubaki, na ukichanganywa na kasoro za uso, ndio unaoweka kikomo.

Kasoro ya pili ni ya umbo. Mabamba mawili bapa yangehitaji kuwa mapana bila mwisho, la sivyo wimbi huvuja pembeni kila linapotawanyika. Vioo vya Paris vilikuwa na kipenyo cha sentimita 5, basi vilichongwa kwa mbonyeo mdogo, kama sehemu ya tufe lenye nusu-kipenyo cha sentimita 4, ili kulirudisha wimbi kati. Mbonyeo huo una gharama yake kwenye hesabu. Fomula ya mabamba bapa, ikipewa sentimita 2.75 na n ya 9, inatoa karibu gigahezi 49.1. Masafa halisi ni 51.1. Hizo gigahezi 2 za ziada zinatoka kwenye wimbi kubanwa kuelekea katikati, na mhandisi asiyezihesabu angejenga kifaa ambacho atomi zake haziwezi kuzungumza na fotoni iliyomo ndani.

Kinachobaki ni upande wa chini wa orodha ya masafa. Namba n ndogo kabisa ni 1, kwa hiyo hakuna wimbi lenye uga sambamba na mabamba linaloweza kuishi humo ikiwa urefu wake unazidi mara mbili ya umbali kati ya mabamba. Uga uliosimama wima kati ya bamba na bamba haufungwi na sharti hili, na ndiyo maana betri inaweza kuweka uga wa umeme usiobadilika kati ya mabamba ya kapasita. Ule ulio sambamba haupewi nafasi hata kidogo.

Mwaka 1985, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Randall Hulet, Eric Hilfer na Daniel Kleppner walilijaribu katazo hilo kwa atomi. Walichukua atomi za sesiamu zilizopandishwa nishati, ambazo kwa kawaida zingejishusha zenyewe kwa kutoa mawimbi ya takriban milimita 0.45, wakazipitisha kati ya mabamba mawili bapa yaliyoachana kwa milimita 0.23. Kisha, kwa kuubadilisha kidogo uga wa umeme kati ya mabamba, wakaurefusha taratibu ule urefu wa wimbi hadi ukavuka mara mbili ya umbali huo. Kabla ya kuvuka, atomi zilijishusha kama kawaida. Baada ya kuvuka, hazikuwa na wimbi la kulitoa, na muda wa kukaa kwenye hali ya juu uliongezeka angalau mara 20.